Kichwa cha mwanangu kinazidi kukua: atobolewe tundu au awekewe mpira?

*Daktari, assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, Mombasa, na mwanangu wa pili, mvulana, ana miezi 4. Alizaliwa salama kwa wakati wake, lakini alipotimiza wiki mbili alishikwa na homa kali na degedege, tukalazwa siku 21 akidungwa sindano mpaka akapata nafuu. Tangu chanjo ya wiki ya 10 naona kichwa kinakua kuliko mwili. Muuguzi alikuwa akikipima na kuandika kwa penseli pembeni mwa kijitabu cha kliniki: wiki ya 6 sentimita 39, wiki ya 10 sentimita 41.5, wiki ya 14 sentimita 44.3. Aliniambia tusubiri, maana wako watoto wenye vichwa vikubwa kama vya baba zao. Sasa utosi umevimba na macho yake yanaelekea chini. Tumepigwa picha, na daktari wa upasuaji anasema vyumba vitatu vya ubongo vimejaa maji ila cha nne ni cha kawaida. Ama atamtoboa tundu ndani ya ubongo, ama atamwekea mpira wa kupeleka maji tumboni, nasi turudi baada ya siku 9 na uamuzi.*

*Mama mkwe anasema ni jicho, tena kwamba nilikunywa maji mengi mno nikiwa mjamzito. Mume wangu anauliza kwa nini yasivutwe kwa sindano tu, au mtoto apewe dawa ya kuyakausha. Nami sijui maji hayo yametoka wapi, wala tuchague lipi.*

*Mama Nassir, Kisauni*

Waaleikum salaam, Mama Nassir.

Maji hayo hayakutoka kwako, wala hayakuingia kichwani kwa mtoto kutoka nje. Ubongo wa kila mtu, na wako ukiwamo wakati unaposoma jibu hili, hutengeneza maji yake wenyewe usiku na mchana, na kwa mtu mzima hayo ni kiasi cha mililita 500 kwa siku. Lakini ukiyapima yote yaliyomo kichwani na mgongoni kwa wakati mmoja utapata kama mililita 150 tu, ambazo hazijazi bilauri ya chai. Maana yake ni kwamba maji yale yale hayakai. Hutengenezwa, husafiri, hunyonywa na damu, na mapya huchukua nafasi yake, mara tatu au zaidi kila siku. Mtoto mchanga ana kiasi kidogo kuliko hicho, ila utaratibu ni huo huo. Nakuomba uishike hesabu hii, kwa kuwa ndiyo itakayomjibu mumeo.

Yanatengenezwa wapi? Katikati ya ubongo mna vyumba vinne vilivyounganika, ambavyo sisi huviita ventrikali. Viwili vikubwa viko pembeni, kimoja kila upande, vimejipinda kama pembe za kondoo dume. Cha tatu ni chembamba mfano wa ufa, nacho kiko katikati kabisa. Cha nne kiko chini kwa nyuma, baina ya shina la ubongo na ubongo mdogo wa kisogoni. Ndani ya vyumba hivi mna vishada vyekundu vya mishipa midogo sana ya damu, laini, vyenye vikunjo vingi, vinavyoelea majini. Ukiwahi kuchungulia kidimbwi cha mwambani wakati wa maji kupwa, ukaona mwani mwekundu umeshika jiwe huku ncha zake zikichezacheza, basi umekaribia kuiona koroidi, kwani hilo ndilo jina la vishada hivyo. Kila kishada kimevikwa safu moja ya seli, na kazi ya seli hizo ni kusukuma chumvi, hasa sodiamu, kutoka upande wa damu kwenda upande wa chumba. Chumvi ikienda, maji huifuata. Kazi hii haipandi wala kushuka kwa sababu mama alikunywa magilasi mangapi alipokuwa mjamzito. Maji uliyozidisha yalikwenda kwenye figo zako, ukayatoa, yakaisha.

Sasa fuata njia. Maji ya vyumba vya pembeni hushukia chumba cha tatu kwa matundu mawili yanayoitwa ya Monro. Kutoka chumba cha tatu hadi cha nne hakuna njia nyingine ila mfereji mmoja, mfereji wa Sylvius, ambao urefu wake ni kama milimita 15 na hata kwa mtu mzima upana wake ni milimita moja au mbili tu, sawa na unene wa kijiti cha kiberiti. Katika safari yote ya maji, hapa ndipo pembamba kuliko pote. Kutoka chumba cha nne maji hutokea nje ya ubongo kwa matundu matatu, yakapita chini ya ubongo, yakauzunguka mpaka juu, na huko hunyonywa na kuingia katika mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya utosi kuelekea kisogoni.

Mimi sijaiona picha ya mtoto, lakini maneno ya daktari wako yanatosha kueleza mengi. Chumba cha kwanza, cha pili na cha tatu vimefutuka, cha nne hakikufutuka. Basi kizuizi kiko baada ya cha tatu na kabla ya cha nne, na hapo hapana kitu kingine isipokuwa ule mfereji. Koroidi haijui kama mlango umefungwa. Inaendelea kusukuma chumvi na maji kama kawaida, na vyumba vilivyo juu ya kizuizi vinatanuka na kuukandamiza ubongo kwenye fuvu. Mitaani huku ugonjwa huu huitwa kichwa maji, jina nisilolipenda hata kidogo kwa sababu ndilo hilo hilo watu wanalomtukania mpumbavu. Hospitalini utasikia haidrosefalasi.

Nani aliyeuziba mfereji? Wako watoto wanaozaliwa nao ukiwa mwembamba kupita kiasi. Lakini wako alipougua akiwa na wiki mbili, akatukutika, akalazwa siku 21 kwa sindano, hiyo kwa vyovyote ilikuwa ni maambukizi mazito, na yaelekea yalifika kwenye ubongo na utando wake. Vijidudu vinapoingia katika vyumba hivi, ngozi laini ya ndani huchubuka, usaha hutuama, na mahali palipochubuka hufanyika kovu. Kovu la milimita moja kwenye ukuta wa chumba kikubwa halina madhara makubwa, ila kwenye mfereji wenye upana wa milimita moja ndilo kizibo. Ndiyo maana homa iliisha lakini kichwa kikaanza kukua wiki kadhaa baadaye, mambo yalipoonekana kuwa yametulia. Mama mkwe asomewe sehemu hii kwa upole. Dua simkatazi, ila asimnyweshe mtoto wa miezi 4 kombe wala kitu kingine kisichokuwa maziwa, na asikifunge kichwa kwa leso ili kisikue. Kukua kwa kichwa ndiko kunakompunguzia shinikizo.

Hilo linahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndilo lililomdanganya muuguzi wako. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijashikana, kwa hiyo maji yakizidi, maungio huachana, utosi hutuna, na kichwa hupanuka. Mtu mzima akizibika mfereji kwa ghafla huumwa na kichwa, hutapika na huweza kupoteza fahamu kwa muda wa saa chache, kwani fuvu lake halina pa kutoa nafasi. Mtoto huweza kunyonya na kutabasamu wiki nyingi huku ubongo wake ukizidi kuwa mwembamba. Ishara ya macho kuelekea chini, ambayo sisi huifananisha na jua linalozama, hutokea wakati chumba cha tatu kilichovimba kinapokandamiza sehemu ya juu ya shina la ubongo inayoyainua macho. Ikifika hapo, shinikizo si dogo tena.

Tazama vile vipimo vya penseli. Kwa mtoto wa kiume aliyetimiza muda, kipimo cha kati cha Shirika la Afya Duniani ni sentimita 38.1 katika wiki ya 6 na 39.6 katika wiki ya 10, na mpaka wa juu unaohesabiwa kuwa wa kawaida katika wiki ya 10 unapita karibu na 42. Mwanao alikuwa na 39, kisha 41.5. Mtu akiitazama namba ya pili peke yake ataona iko ndani ya mpaka, na sidhani kama muuguzi alifanya uzembe aliposema tusubiri. Alitazama namba, hakutazama mwendo wake. Wenzake walitarajiwa kuongeza sentimita 1.5 katika wiki hizo nne, na yeye aliongeza 2.5. Katika wiki nne zilizofuata wenzake huongeza kiasi cha sentimita 1.2, na yeye aliongeza 2.8, na sasa ameshauvuka mpaka. Mtoto aliyerithi kichwa kikubwa cha babake huanza juu na huenda sambamba na mistari ya chati. Wako alianzia karibu na katikati, kisha akaikata mistari akipanda. Nilipoanza kazi katika wodi ya watoto, mimi mwenyewe niliwahi kumrudisha nyumbani mtoto wa namna hii kwa sababu namba ya siku hiyo ilikuwa ndani ya mpaka. Alirudi baada ya wiki tano, na tangu hapo sikubali kusoma kipimo kimoja cha kichwa bila kuonyeshwa kilichotangulia.

Sasa swali la mumeo kuhusu sindano. Tuseme daktari anapitisha sindano kwenye utosi na kuvuta mililita 20. Kwa mtu mzima, kiasi hicho hurudi kwa muda wa saa moja. Kwa mtoto huchukua muda mrefu zaidi, lakini hurudi, kwa sababu sindano imeyatoa maji na kuiacha koroidi na kizibo palepale. Madaktari huitumia njia hii kwa dharura, au kwa siku chache mtoto anapongoja maambukizi yaishe, ila kila sindano inapita katika nyama ya ubongo na kila sindano ni nafasi ya vijidudu kuingia. Kuyavuta mgongoni nako hakufai kwake, kwani maji ya mgongoni yako upande wa pili wa kizuizi. Utapunguza shinikizo la chini huku la juu likibaki, na ubongo wenyewe huweza kuvutwa kushuka.

Dawa ya kukausha ipo. Inaitwa asetazolamidi, nayo hupunguza kazi ya zile seli za koroidi, na mara nyingine huandikwa pamoja na furosemidi. Ilijaribiwa kwa watoto wachanga ambao vyumba vyao vilipanuka baada ya kuvuja damu ubongoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998: waliopewa dawa hawakuepukana na upasuaji kuliko wenzao, na hali zao zilikuwa mbaya zaidi. Kupunguza sehemu ya maji yanayoingia hakusaidii ikiwa pa kutokea hapapo. Mumeo asitumie fedha huko.

Tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Mpira, ambao hospitalini huitwa shanti, huanzia katika chumba cha pembeni, hutoka kwa kitundu cha fuvu, hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, na ncha yake huachwa tumboni, ambako maji hunyonywa na utando wa tumbo bila taabu. Njiani huwa na vali inayofunguka shinikizo linapozidi kiwango chake, na ncha ya tumboni huachwa ndefu ili mtoto akue nayo. Shanti haijali kizuizi kiko wapi, kwani inaviruka vyote. Ubaya wake ni kwamba ni kitu kigeni mwilini: huziba, hukatika, huingia vijidudu, na mtoto anayeitegemea huitegemea kwa miaka. Kwa ujumla, katika kila shanti kumi zilizowekewa watoto, tatu au nne huharibika ndani ya mwaka wa kwanza.

Tundu ni jambo jingine kabisa. Daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye chumba cha pembeni, huteremka nayo kwa tundu la Monro hadi chumba cha tatu, na hapo hutoboa sakafu ya chumba hicho, ambayo kwa mtoto mwenye maji mengi huwa imekuwa nyembamba kiasi cha kuona mshipa mkubwa wa damu ukipiga upande wa chini yake. Maji hushuka moja kwa moja hadi chini ya ubongo bila kupita kwenye mfereji uliozibika. Hakuna mpira unaobaki mwilini. Ukiitazama picha ya mwanao pekee, ungesema hii ndiyo dawa yake, maana kizuizi kiko kwenye mfereji hasa.

Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo. Madaktari wana hesabu wanayoitumia kukadiria kama tundu pekee litakuwa bado linafanya kazi baada ya miezi 6. Hutoa alama kwa umri, kwa chanzo cha ugonjwa, na kwa kuwa mtoto hajawahi kuwekewa shanti. Mwanao ana umri ulio kati ya mwezi 1 na miezi 6, hupewa alama 10. Hajawahi kuwekewa shanti, 10 nyingine. Lau angezaliwa na mfereji mwembamba, chanzo kingempa 30, jumla 50, yaani nafasi ya nusu kwa nusu. Lakini chanzo kikiwa ni maambukizi hupewa 0, na jumla inabaki 20, yaani kama mtoto mmoja kati ya watano. Picha ni ile ile, mfereji ni ule ule, na makadirio yameanguka zaidi ya nusu. Kisa ni kwamba maambukizi hayachagui pa kuacha kovu. Yaliyouziba mfereji huenda pia yaligandisha nafasi iliyo chini ya ubongo, kule tundu linakofungukia, au yaliharibu mahali pa kunyonyea maji juu. Ukifungua mlango unaoingia katika chumba kingine kilichofungwa, maji hayaendi mbali.

Huku kwetu Afrika Mashariki tatizo hili lilichunguzwa kwa kina Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, ambako daktari Mmarekani Benjamin Warf alifanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliona kuwa zaidi ya nusu ya watoto wake walitanguliwa na maambukizi, na kwamba mtoto anayeishi siku mbili za safari kutoka hospitalini huweza kufa shanti yake ikiziba. Akaunganisha mambo mawili: kutoboa tundu, na katika upasuaji huo huo kuichoma koroidi ya vyumba vya pembeni kwa kamera ile ile, ili maji yanayotengenezwa yapungue. Katika ripoti yake ya mwaka 2005, miongoni mwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, tundu pekee lilifaulu kwa 47 katika kila 100, na tundu pamoja na kuchoma koroidi likafaulu kwa 66. Nisikufiche: kwa waliotanguliwa na maambukizi tofauti hiyo ilikuwa ndogo zaidi.

Halafu mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapo hapo, ambao kwangu ndio unaokuhusu kuliko wote, kwa sababu watoto wake 100 walikuwa wa chini ya miezi 6 na wote ugonjwa wao ulitokana na maambukizi. Waligawiwa kwa kura, nusu shanti, nusu tundu na kuchoma koroidi. Baada ya miezi 12, akili na uelewa wa makundi mawili vilikuwa sawa. Njia ya tundu ilishindwa kwa kiasi cha 35 katika kila 100 na shanti kwa 24, tofauti ambayo kwa hesabu za kitaalamu ingeweza kuwa ya bahati tu.

Kwa hiyo hutamdhulumu mwanao kwa kuchagua lolote kati ya haya mawili. Rai yangu ni kuwa jibu litegemee mambo matatu ambayo daktari wako anayajua na mimi siyajui. Muulize kama nafasi iliyo chini ya ubongo, mbele ya shina lake, inaonekana wazi au ina makovu. Mara nyingi jambo hili huonekana kwa yakini kamera ikiwa imeshaingia, na daktari anaweza kuomba idhini yenu mapema kwamba akikuta makovu ataweka shanti palepale. Muulize yeye mwenyewe amezoea ipi, na kama huichoma koroidi au hutoboa tu. Kutoboa tu, kwa mtoto huyu, mimi singekupendekezea. Tena muulize kama maji ya ubongo yamepimwa na kuonekana hayana vijidudu, kwa sababu mpira ukiwekwa katika maji machafu utaambukizwa na itabidi utolewe. Nafasi ikiwa wazi na mkono umezoea, ningeanza na tundu pamoja na kuchoma koroidi, kwani likishindwa shanti bado ipo. Makovu yakiwa mengi, ningeweka shanti bila kujuta.

Jambo moja usilitarajie kutoka kwa upasuaji wowote: hauwezi kurudisha kile ambacho maambukizi yenyewe yalikiharibu. Ubongo uliokandamizwa huweza kunenepa tena shinikizo likiondoka, na wako watoto waliotushangaza. Ila uliounguzwa na ugonjwa wa wiki ya pili ni habari nyingine, na hiyo itajulikana kwa kumwangalia anavyokaa, anavyoshika na anavyoongea katika miaka inayokuja.

Siku 9 si nyingi, lakini si lazima ziishe. Akianza kutapika mara kwa mara, akawa mzito wa kuamka au akakataa titi, akapata degedege, au ukaona pumzi zinakatika, mpeleke usiku huo huo kwenye hospitali kubwa na useme mlangoni kwamba ana maji kichwani na anasubiri upasuaji. Ishara hizi hizi ndizo utakazozitazama baada ya upasuaji, awe na tundu au mpira, na kwa mwenye mpira uongeze homa, na wekundu au uvimbe popote mpira unapopita chini ya ngozi. Tundu nalo huweza kujifunga, zaidi katika miezi 6 ya mwanzo, kwa hiyo asiwepo atakayekwambia kuwa aliyetobolewa amemalizana na kliniki.

Mpime mwenyewe mara moja kwa wiki, si kila siku, maana makosa ya mkono yatakutia hofu bure. Usitumie futi ya kitambaa ya fundi wa kushona iliyozeeka, kwa kuwa imevutika. Omba ya karatasi kliniki. Ipitishe juu kidogo ya nyusi na nyuma pale kisogo kinapochomoza zaidi, pima mara tatu, uchukue namba iliyo kubwa. Kwa umri wake kichwa hakitakiwi kuongeza zaidi ya robo sentimita hivi kwa wiki, na kikiongeza sentimita nzima kabla ya siku yenu, usiingoje. Na zile namba za penseli ziandike upya kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe ya kila moja, kabla vidole na jasho havijazifuta. Daktari wa upasuaji atazihitaji tena kila mtakaporudi.